Gemu za kompyuta: jinsi ya kusubiri bei ishuke na kuchukua za bure kwa simu

Msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe akiwa na masikitiko. Alikuwa amemlipia mwanawe gemu ya kompyuta kwa bei kamili, kwenye duka la mtandaoni. Siku nne baadaye gemu ile ile ikashuka karibu nusu ya bei. Akatuuliza: je, kulikuwa na namna ya kujua mapema?

Hakuna anayejua kwa uhakika siku bei itakaposhuka. Lakini ukiliambia duka ni gemu gani unaitaka, litakuarifu lenyewe punguzo likifika, na kazi hiyo unaweza kuifanya kwa simu hata kama kompyuta iko mjini kwa ndugu.

Tuchukue mfano wa Stardew Valley, gemu ya mkulima anayerithi shamba la babu yake. Ilitoka mwaka 2016. Ni ndogo, haihitaji kompyuta ya kifahari, na katika duka la Steam bei yake kamili ni dola 14.99. Sisi huku Tanzania na majirani zetu Kenya tunaonyeshwa bei za Steam kwa dola.

Fungua store.steampowered.com kwenye simu na ujisajili. Kufungua akaunti ni bure. Kisha fungua barua pepe watakayokutumia na uthibitishe anwani yako, maana bila hivyo taarifa hazitakufikia. Tafuta jina la gemu, fungua ukurasa wake, halafu bonyeza "Add to your wishlist". Hiyo ndiyo orodha ya gemu unazozitamani. Kuiweka gemu humo si kuinunua, na huwezi kukatwa hela.

Kuanzia hapo, gemu ikipunguzwa kwa asilimia 20 au zaidi, Steam hutuma barua pepe. Punguzo la asilimia 10 halitumiwi barua, kwa hiyo usishangae ukilikuta dukani bila kuarifiwa. Na kama unatumia Gmail, angalia pia sehemu ya matangazo, "Promotions", kwa sababu barua hizi mara nyingi hujificha huko.

Sasa barua imefika: Stardew Valley imepunguzwa kwa asilimia 40. Bei mpya ni dola 8.99, yaani umeokoa dola 6. Ununue leo au usubiri tena? Hapo ndipo tovuti ya IsThereAnyDeal inaposaidia. Yenyewe haiuzi gemu. Inalinganisha bei za maduka mengi na kutunza kumbukumbu zake, ikiwemo bei ya chini kabisa ambayo gemu imewahi kufikia. Ukiona bei ya leo inalingana na hiyo au imeikaribia, nunua. Ukiona bado iko juu sana, gemu hiyo huenda ikashuka tena. Ukijisajili hapo, unaweza kuiweka gemu kwenye "Waitlist" na kutaja kiwango chako, tuseme dola 8, nao watakuandikia bei ikifika hapo tu.

Kwa kawaida hutasubiri milele. Steam huwa na misimu minne mikubwa ya punguzo kwa mwaka. Inayojulikana zaidi ni ya mwishoni mwa Juni kuingia Julai na ya mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo kununua gemu ya zamani kwa bei kamili mwanzoni mwa Juni au mwanzoni mwa Desemba ni haraka isiyo na faida. Na punguzo lina saa yake ya kufungwa: siku ya mwisho hufungwa saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku kulingana na majira yao. Usiache mpaka dakika hiyo.

Gemu za bure zina utaratibu mwingine. Duka la Epic Games Store limekuwa likigawa gemu tangu Desemba 2018, na kwa miaka mingi sasa hubadilisha gemu ya bure kila Alhamisi. Kwa saa zetu hiyo ni saa 12 jioni, au saa 1 usiku wakati wa majira ya baridi ya Marekani. Hapa usitegemee orodha yako, kwa sababu gemu inayogawiwa huenda hujawahi hata kuisikia. Dawa yake ni kengele ya simu: iweke ilie kila Alhamisi usiku.

Ikilia, fungua store.epicgames.com, ingia kwenye akaunti yako na utafute sehemu ya "Free Games". Bonyeza "Get", hakikisha jumla inaonyesha sifuri, kisha "Place Order". Gemu imeshakuwa yako na itabaki kwenye akaunti, hata wiki ile ikipita.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuchukua gemu na kuipakua ni vitu viwili tofauti. Kuichukua kunakula bando kidogo tu, sawa na kufungua kurasa chache. Kuipakua ndiko kunakomaliza bando. Mei 2020 Epic waligawa Grand Theft Auto V kwa wiki moja. Gemu hiyo inachukua zaidi ya GB 70, lakini aliyebonyeza wiki ile akiwa na simu tu aliipata, na angeweza kuipakua mwaka mwingine kabisa, siku aliyopata intaneti ya bei nafuu. Aliyesema "nitachukua nikipata kompyuta" aliikosa.

Lakini soma vizuri neno "free". Kwenye Steam, "Free Weekend" maana yake unacheza bure kwa siku chache tu, kisha mlango unafungwa. "Free to Play" ni gemu ambayo ni bure siku zote, ila mara nyingi huuza vitu ndani yake. Unayoitafuta ni ile iliyoandikwa "Free to keep": ukiichukua kabla ya tarehe iliyotajwa, ni yako moja kwa moja.

Matapeli nao wanajua kwamba watu wanapenda vya bure. Hutuma ujumbe wa "zawadi ya Steam" wenye kiungo kinachofungua ukurasa unaofanana na wa duka, ukiomba neno la siri. Ukilijaza, wanaichukua akaunti na gemu zako zote. Hata barua pepe ya punguzo ikifika, usibonyeze kiungo kilichomo. Fungua duka mwenyewe kwa kuandika anwani yake. Kama punguzo ni la kweli, utalikuta pale. Na namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe yako wakati wa kuingia usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa duka.

Kabla ya kulipa, teremka chini ya ukurasa wa gemu ulinganishe mahitaji yake na kompyuta mtakayotumia, hasa RAM. Ukikosea, Steam hurudisha hela kwa anayeomba ndani ya siku 14 tangu anunue, mradi gemu haijachezwa kufikia saa 2. Kwa hiyo ijaribuni siku ile ile mliyoinunua. Msikilizaji wetu alikuwa siku ya nne tu. Kama alinunua kwenye duka lenye utaratibu huo, na kijana hajafikisha saa hizo, anaweza kuomba hela yake irudishwe, kisha akainunua upya kwa bei iliyopunguzwa.