Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa

Je, msomaji, wewe huvuta sigara? Au huweka ugoro ama kuberi mdomoni? Basi leo jioni, simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha. Kama una meno ya bandia, yatoe. Vuta mdomo wa chini utazame ndani yake pamoja na ufizi, kisha vuta shavu moja baada ya jingine. Inua ulimi uone chini yake. Mwishowe shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uuvute kushoto na kulia ili uone pande zake.

Pande hizo za ulimi, na chini yake, ndipo saratani ya kinywa hupenda kuanzia kwa mvutaji. Anayetafuna au kuweka ugoro naye achunguze zaidi mahali pale pale anapoficha tumbaku yake kila siku, yaani kati ya shavu na ufizi au nyuma ya mdomo wa chini.

Unatafuta nini? Doa jeupe ambalo halitoki ukilisugua, au doa jekundu laini kama mahameli. Hili jekundu ni hatari zaidi, ingawa watu wengi hulipuuza kwa kuwa halionekani kwa urahisi. Tafuta pia uvimbe shingoni, na kidonda chenye kingo ngumu. Anayetafuna tambuu yenye popoo, kama ilivyo kawaida kwa baadhi ya wakazi wa Pwani, ajaribu kupitisha vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Ikiwa haviingii kama zamani, na pilipili imeanza kumchoma kupita kiasi, nyama ya mashavu inakakamaa, na hali hiyo huweza kutangulia saratani.

Wengi hungoja maumivu ndipo waende hospitali. Hapo ndipo hukosea, kwani saratani hii aghalabu haiumi mwanzoni. Kidonda cha kujiuma shavu huuma sana na hupona kwa wiki moja au mbili. Kisichopona kwa wiki tatu, kiume kisiume, kipeleke kwa daktari wa meno. Atakutia ganzi na kukata kipande kidogo cha nyama kichunguzwe katika maabara. Usikubali kupewa dawa ya kusukutua mwezi baada ya mwezi. Vilevile, jino likilegea bila sababu, na likisha kung'olewa pengo likatae kufunga, rudi.

Mapafu, kwa bahati mbaya, hayatazamwi kwa kioo. Tuchukue mfano wa baba wa miaka 54, dereva, ambaye amevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 30. Kila asubuhi hukohoa, na nyumbani wamezoea kusema ni kikohozi cha sigara. Sasa kikohozi kimebadilika: anakohoa mchana na usiku, sauti imekwaruza, na mara moja ameona michirizi ya damu katika kohozi. Katika zahanati anapewa viuavijasumu, anapata nafuu kidogo, kisha hali inarudi. Kohozi linapimwa kifua kikuu na viini havionekani, lakini kwa kuwa eksirei ina kivuli, anaanzishwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia.

Daktari hakukosea kufikiria kifua kikuu, kwa maana ni ugonjwa wa kawaida hapa kwetu na dalili zake hufanana na za saratani ya mapafu. Hatari ni kukaa hapo. Miezi miwili imepita, bado anakohoa na suruali zinamvuka. Asiache dawa kwa uamuzi wake, bali arudi aulize waziwazi: "Daktari, je, haiwezi kuwa saratani?" Atahitaji picha ya skani, na pengine mrija mwembamba kupitishwa hadi mapafuni ili kuchukua kipande cha nyama. Hata eksirei safi haimalizi swali, kwani uvimbe mdogo huweza kujificha nyuma ya moyo au mbavu.

Mvutaji aliyekohoa wiki tatu, au ambaye sauti imekwaruza muda huo, aende hospitali. Akiona damu, hata mara moja tu, asimalize wiki hiyo nyumbani. Damu ikiwa nyingi, pumzi ikikatika, au uso na shingo vikivimba, aende siku hiyo hiyo, hata usiku.

Utakapokwenda, mwambie daktari idadi ya sigara kwa siku na miaka uliyovuta, wala usipunguze kwa aibu. Na kama una eksirei ya zamani kabatini, ibebe. Akiweka kivuli cha mwaka jana kando ya cha mwaka huu, ataona kama kimekua.