Nionyesheni Nilipokubali

Shangazi yangu wa Morogoro hana intaneti. Ana kitochi, na salio likiisha huweka vocha ya shilingi 1,000. Mwishoni mwa Agosti alinipa simu yake akilalamika kwamba vocha inaliwa kabla hajampigia mtu. Nilipofungua meseji nikakuta mfululizo wa dondoo za mapenzi na matokeo ya mpira, zote kutoka namba moja ya tarakimu tano, na kila moja ikimweleza kuwa amekatwa shilingi 150.

Maudhui ya aina hii mara nyingi si ya kampuni ya simu yenyewe. Yupo mtoa maudhui anayetumia namba fupi. Mtandao hukata salio la mteja, kisha wawili hao hugawana. Mteja huingizwa kwa urahisi wa kutisha: kisanduku kinajitokeza kwenye skrini, anabonyeza OK akidhani anakifunga, kumbe amejiunga. Asipokuwa na salio, mfumo unaweza kumvizia mpaka aweke vocha ndipo ukate. Kwa hiyo, salio likipungua dakika chache baada ya kuweka vocha, wala hujapiga simu, anza kushuku hapo.

Tulijitoa kwanza, kwa kutuma neno lililotajwa kwenye meseji zenyewe. Hatukufuta hata meseji moja, maana ndizo ushahidi. Lakini kujitoa hakurudishi hela iliyokwisha kukatwa, na hapo ndipo barua inapohitajika.

Barua ya kwanza niliiandika kwa hasira. Nilijaza ukurasa mzima wa lawama, nikawaita wezi. Jibu lilikuja kwa sentensi mbili: namba hiyo ilikuwa imejiunga na huduma, na sasa imeondolewa. Nilikuwa nimelalamika bila kuuliza swali, nao hawakuwa na la kujibu. Ya pili tuliiandika upya, kwa jina la shangazi mwenyewe kwa kuwa laini imesajiliwa kwake. Kiini chake kilikuwa hiki:

"YAH: KUPINGA HUDUMA NISIYOJIUNGA NA KUOMBA KUREJESHEWA MAKATO YOTE

Tangu tarehe 1 Juni hadi 31 Agosti laini yangu iliyotajwa hapo juu imekuwa ikikatwa shilingi 150 kwa huduma inayotumwa na namba fupi iliyoonyeshwa kwenye kiambatisho. Sikuomba huduma hiyo wala sikuikubali. Kama mnayo kumbukumbu ya ridhaa yangu, naomba mnionyeshe tarehe, saa, njia iliyotumika, na maneno niliyoyakubali. Kama hamnayo, naomba mnirejeshee makato yote ya huduma hiyo tangu siku ya kwanza, mnipatie orodha ya kila kato, na mzuie laini yangu isiunganishwe tena na huduma za namba hii. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14."

Uzito wote uko kwenye ombi la kumbukumbu ya ridhaa. Shangazi hawezi kuthibitisha kwamba hakubonyeza kitu, nani anaweza? Anayedai kuwa mteja alikubali ndiye mwenye mitambo inayotunza kumbukumbu, basi aitoe.

Jambo la pili ni neno "yote". Kwenye kitochi tulihesabu meseji 58, yaani shilingi 8,700, na nilikaribia kuandika kiasi hicho. Shangazi akanikumbusha kwamba sanduku la meseji hujaa, naye huwa anafuta. Nilitaka pia kuzidisha 150 kwa siku zote 92, nipate 13,800, lakini zipo siku ambazo salio lilikuwa sifuri na hakukuwa na cha kukata. Kwa hiyo hatukutaja jumla. Tuliambatisha picha za meseji tulizokuwa nazo na kuomba orodha kamili kutoka kwao.

Tulipeleka nakala mbili kwenye duka la kampuni, moja ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na tukadai namba ya malalamiko. Usiidharau karatasi hiyo yenye mhuri. Tanzania, anayeitwa kuamua mgogoro kama huu ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, lakini mlalamikaji anatakiwa kuanza na kampuni yake. Ukifika TCRA bila kuonyesha kwamba uliwaandikia, utarudishwa ulikotoka. Kenya nako Mamlaka ya Mawasiliano ya huko humtaka mteja aanze na mtoa huduma.

Hatukufika huko. Siku ya 12 jibu lilikuja pamoja na orodha ya makato 71. Kuhusu ridhaa, hawakuonyesha tarehe wala saa. Shangazi alirejeshewa shilingi 10,650, zote kama muda wa maongezi.