Kishazi kizima kinapoingia ndani ya neno moja

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliye kidato cha nne alinijia na daftari mkononi, uso ameukunja. Alikuwa amepewa kifungu akifupishe kwa maneno yasiyozidi 60, na muhtasari wake ulikuwa na maneno 83.

“Mjomba, nimekata nikakata mpaka nimechoka. Nikitoa neno jingine, habari inapotea.”

Nililisoma daftari lake. Hoja zilikuwa sawa. Alikuwa ameondoa mifano, sifa na marudio kama alivyofunzwa darasani. Kilichombana si kile alichokisema bali namna alivyokisema. Hebu itazame sentensi yake ya kwanza:

“Wakulima ambao walipanda mahindi yao kabla ya wakati ambapo mvua ilianza kunyesha walipata mavuno ambayo yalikuwa ni mazuri kuliko mavuno ambayo walipata wale wakulima ambao walisubiri mpaka mvua ikaanza ndipo wakapanda.”

Hayo ni maneno 31. Hakuna kosa la sarufi hapo, na mtu akiyatamka barazani hakuna atakayemcheka. Lakini “amba-” imejitokeza mara tano, na kila mahali ilipo, ni kama mtu aliyejikodishia basi zima asafiri peke yake.

Tuanze na “ambao walipanda”. Mizizi ya “amba-” ni ya kitenzi cha kale “kuamba”, yaani kusema, ambacho bado tunakiona katika “kwamba”. Katika sentensi hii haina maana yake yenyewe. Kazi yake ni kubeba ile “-o” ya mwisho, inayotuambia kwamba tunarejelea wakulima. Sasa, kitenzi cha Kiswahili kina nafasi ya kumbeba abiria huyo. Ukiichukua “-o” ukaiketisha baada ya kiambishi cha wakati, unapata “waliopanda”: wa- ya wakulima, -li- ya wakati uliopita, -o- ya urejeshi, kisha panda. Hakuna kilichopotea. “Amba-” imeshuka kwa sababu haina mzigo tena.

Nilimwonya mpwa wangu asifanye yale ninayoyakuta kila muhula katika insha za wanafunzi, yaani “wakulima ambao waliopanda”. Hapo abiria mmoja amelipiwa nauli mara mbili. Ukimweka ndani ya kitenzi, “amba-” iende zake. Na ile ya mitaani ya “wakulima wenye walipanda” tuiache huko mitaani. “-Enye” huandamana na nomino, kama katika “wakulima wenye mashamba”, haiandamani na kitenzi.

Turudi kwenye sentensi. “Kabla ya wakati ambapo mvua ilianza kunyesha” ni “kabla ya mvua” tu. “Mavuno ambayo yalikuwa ni mazuri kuliko” ni “mavuno bora kuliko”. Utamu uko mwishoni. “Wale wakulima ambao walisubiri” ni maneno manne, lakini “waliosubiri” peke yake inatosha. Wakulima wameshatajwa, na ile wa- ya mwanzo inawashika mkono mpaka mwisho wa sentensi bila kuhitaji nomino. Halafu “mpaka mvua ikaanza ndipo wakapanda” inakuwa “inyeshe”. Kiambishi i- ni mvua, na ile -e ya mwisho inaonyesha jambo lililokuwa likingojewa. Tulipomaliza tulibaki na hii:

“Wakulima waliopanda mahindi kabla ya mvua walipata mavuno bora kuliko waliosubiri inyeshe.”

Maneno 12. Mwalimu mkali atasema tumelinganisha mavuno na watu, aongeze “kuliko ya waliosubiri”. Sitabishana naye, yatakuwa 13 na bado tumeokoa 18.

Kijana alifurahi, akaanza kuzifyeka “amba-” zote kwa kasi iliyonitia wasiwasi. Ilinibidi nimshike mkono.

Chukua neno “isiyopitika”, kama katika “barabara isiyopitika”. Ni neno moja, lakini ukilifungua unapata sentensi: barabara ambayo watu na magari hawawezi kuipita. I- ni barabara, -si- ni ukanushi, -yo- ni urejeshi, -pit- ni mzizi, na -ik- ndiyo inayoleta ile habari ya kuwezekana au kutowezekana. Sasa uliza: haipitiki lini? Leo kwa sababu ya mafuriko, au tangu jadi? Neno halisemi. Halina pa kusemea, kwa sababu -si- imeketi mahali ambapo -na-, -li- na -taka- huketi. Katika uyakinishi tunaweza kusema “anayelipa”, “aliyelipa” na “atakayelipa”. Ukija kwenye ukanushi, zote tatu zinaangukia “asiyelipa”.

Ukidhani hayo ni mambo ya darasani tu, fikiria notisi niliyoletewa na jirani yangu siku moja. Shule anakosoma mwanawe iliandika: “Wanafunzi wasiolipa karo wasirudi shuleni Jumatatu.” Jirani alikuwa amelipa nusu na ana stakabadhi. Akaniuliza, “Mimi ni wa wasiolipa?” Bila shaka aliyeandika alikusudia wanafunzi ambao hawajamaliza kulipa. Hiyo -ja- ndiyo yenye habari yote: kwamba malipo yanatarajiwa na muda haujaisha. Lakini -ja- haikubali urejeshi ndani ya kitenzi. Huwezi kusema “hawajaolipa”. Ukitaka kuihifadhi, “amba-” haiepukiki: “wanafunzi ambao hawajamaliza kulipa karo”. Aliyefupisha alimgeuza mzazi anayehangaika akawa mzazi mkaidi.

Kiambishi -me- nacho hakikubali urejeshi ndani ya kitenzi. Hatusemi “wameolipa”. Lakini hapa lugha imetupa njia ya kutokea, kwa kuwa -li- yenye urejeshi hufanya kazi za -me- mara nyingi. Ukisema “yule aliyevaa kofia nyekundu”, kofia bado iko kichwani, hata kama umetumia -li-. Kwa hiyo “ambao wamelipa” inaweza kuwa “waliolipa” bila madhara makubwa. Hasara kubwa iko upande wa ukanushi.

Kuna mtego mwingine, na huu naujua kwa sababu niliutega mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilikuwa katibu wa kamati ya nidhamu katika shule moja ya bweni. Usiku mmoja kulitokea purukushani langoni, na mlinzi akampiga mvulana aliyechelewa kurudi. Katika kumbukumbu za kikao nikaandika kwa mkono: “mvulana ambaye mlinzi alimpiga langoni”. Wakati wa kuandaa ripoti ya kupelekwa juu, nikaambiwa iwe ukurasa mmoja. Nikafyeka. Sentensi yangu ikawa: “mvulana aliyempiga mlinzi langoni”.

Kisarufi sikuwa nimekosea. Urejeshi ukiingia ndani ya kitenzi, na mrejelewa akiwa ndiye mtendwa, mtenda hurudi nyuma ya kitenzi. “Kitabu ambacho mwalimu alinunua” huwa “kitabu alichonunua mwalimu”, na hakuna anayefikiri kwamba kitabu kilimnunua mwalimu, maana a- ni ya mtu na -cho- ni ya kitabu. Lakini mvulana na mlinzi wote ni wa ngeli ya A-WA, na wote ni umoja. Katika “aliyempiga”, a- inaweza kuwa ya yeyote kati yao, na -m- vilevile. Neno limebeba watu wawili wenye sare moja, na hakuna wa kutuambia nani alimpiga nani. Msomaji asiyekuwepo langoni ataanza na mvulana, kwa kuwa ndiye aliyetajwa kwanza, na atamfanya yeye ndiye mpigaji.

Ndivyo walivyosoma huko juu. Barua ya kumsimamisha mvulana masomo wiki mbili ikatoka. Siku ya nne baba yake alifika ofisini akiwa amemshika mkono, uso wa kijana bado umevimba.

“Mwalimu,” akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko matusi, “mwanangu apigwe, halafu yeye ndiye anafukuzwa?”

Nilichukua ripoti nikaisoma kwa macho yake. Nilitoka jasho. Barua ilifutwa siku hiyohiyo, lakini siku nne za masomo zilikuwa zimekwenda. Na nilikuwa nimeokoa neno moja: kumbukumbu za awali zilikuwa na maneno matano, ripoti manne.

Dawa ilikuwepo ndani ya kitenzi hichohicho, wala haikuhitaji nirudi kwenye “amba-”. Kauli ya kutendwa ingemaliza ubishi: “mvulana aliyepigwa na mlinzi langoni”. Ile -w- ndogo inamkataza mvulana kuwa mtenda. Tangu siku hiyo, nikikuta kitenzi chenye -ye- na -m- pamoja, na watu wawili pembeni yake, nafanya jaribio dogo: namgeuza mmoja awe wengi. “Wavulana waliompiga mlinzi” na “wavulana aliowapiga mlinzi” ni habari mbili tofauti, na masikio yanazitenga papo hapo. Ikiwa katika umoja sentensi zote mbili zinaandikwa kwa namna moja, basi sentensi ile haifai kupelekwa kwa mtu ambaye hakushuhudia tukio. Wahariri wa habari za mahakamani nadhani wananielewa. “Mwanamke aliyemuua mumewe” ni kishazi ambacho mtu hapaswi kukiandika akiwa na haraka.

Mpwa wangu alisikiliza kisa hicho bila kusema neno, kisha akarudi kwenye daftari lake. Baada ya nusu saa aliniletea muhtasari wenye maneno 58. “Amba-” zote zilikuwa zimekwenda isipokuwa moja, katika sentensi ya mwisho, iliyozungumzia “mashamba ambayo hayajalimwa”.

“Hii mbona umeiacha?” nikamuuliza, ingawa jibu nililijua.

“Nikiandika ‘yasiyolimwa’, mjomba, mtu atadhani ni mapori. Kifungu kimesema watalima mwezi ujao.” Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu. “Na ‘ambayo’ inahesabiwa kama neno?”

“Inahesabiwa.”

“Sawa. Bado nina mawili.”