Mtoi wa PP1 na jamaa wa Gredi 8 wanapewa tembe moja ile ile ya minyoo. Mbona?

Ukisoma shule za huku Kenya, hii siku unaijua. Ticha anaingia na mkebe wa dawa, mnapiga laini, kila mtu anapewa tembe moja nyeupe na maji kidogo, unafungua mdomo aone kama umemeza, next. Mtoi wa PP1 mwenye kilo 15 anapata moja. Jamaa wa Gredi 8 mwenye kilo 50 na sauti imeanza kuvunjika pia anapata moja.

Wasee wengi hapo huuliza, sasa hii ni dawa gani haijali size ya mtu? Ama mdogo anazidishiwa, ama mkubwa anapunjwa? Hakuna. Jibu liko kwa swali moja tu: huyo mnyoo anaishi wapi?

Tembe ya minyoo ya kawaida huitwa albendazoli, na ina miligramu 400. Inawinda minyoo ya tumbo: minyoo mikubwa ya mviringo, safura wanaonyonya damu, na wale wembamba wanaoitwa minyoo mjeledi. Wote hawa wako ndani ya utumbo. Dawa nayo, ukiimeza, sehemu kubwa inabaki humo humo kwa utumbo, ni kidogo tu inaingia kwa damu. Inamfikia mnyoo direkti, inamzuia kula sukari, anaishiwa na nguvu, anadedi pole pole kisha anatoka na choo. Kwa sababu kazi inafanyika tumboni, kilo za mtu hazibadilishi hesabu sana. Ndio maana kuanzia miaka 2 kwenda juu ni tembe moja nzima, na mtu mzima pia anameza hiyo hiyo. Mtoi wa mwaka 1 hadi kabla afike miaka 2 anapewa nusu, yaani miligramu 200. Chini ya mwaka mmoja hapewi kitu kwa hizi kampeni.

Kuna maeneo mengine wanatumia mebendazoli ya miligramu 500. Hiyo haikatwi nusu: ni moja kwa kila mtoi kuanzia mwaka mmoja.

Sasa tuingie kwa kichocho, ile wengi huita bilhazia. Hapa story inabadilika kabisa. Huyu mnyoo hakai kwa utumbo, anaishi ndani ya mishipa ya damu, karibu na matumbo au kibofu. Dawa yake, prazikwanteli, lazima iingie kwa damu ndio imfikie. Na mtu mkubwa ana damu na mwili mwingi wa kusambaziwa dawa kuliko mdogo. Kwa hivyo inapimwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Tembe moja ina miligramu 600.

Shida ni, nani atabeba mizani hadi kila shule na apime watoi 700 kabla ya lunch? Wataalamu wakapata njia rahisi: fimbo ya urefu. Mtoi anavua viatu, anasimama wima kando ya fimbo, na pale kichwa kinafika pameandikwa idadi ya tembe. Sentimita 94 hadi 109 ni tembe 1. Kutoka 110 hadi 124 ni moja na nusu. 125 hadi 137 ni mbili. 138 hadi 149 ni mbili na nusu. 150 hadi 159 ni tatu. Ukipita hapo, 160 hadi 177, ni nne. Mtoi asiyefika 94 hapewi hii dawa kwa fimbo, anaachiwa watu wa kliniki.

Tuseme kuna familia Mwea, kule kwa mashamba ya mpunga ambapo watoi hushinda kwa maji ya mitaro na kichocho kipo. Kuna watoto watatu. Wa Gredi 2 ana sentimita 118. Anapata albendazoli 1, na fimbo inampa prazikwanteli moja na nusu, yaani miligramu 900. Kama ana kilo 22, hiyo ni karibu miligramu 41 kwa kilo. Fiti. Brathe yake wa Gredi 8 ana sentimita 152. Albendazoli ni ile ile 1, lakini prazikwanteli ni 3, miligramu 1,800. Akiwa na kilo 43, inakuja karibu 42 kwa kilo. Fimbo imegonga karibu na 40 mara mbili bila mizani. Kitinda mimba wa miezi 18 yuko nyumbani. Yeye ni nusu ya albendazoli pekee, akipelekwa kliniki.

Na hapo kwa kitinda mimba ndipo noma kubwa iko. Si dozi, ni vile anapewa. Mtoi wa chini ya miaka 3 hapaswi kupewa tembe nzima ameze. Koo lake ni jembamba, na tembe inaweza kuziba njia ya hewa. Kuna watoi wamewahi kufa hivyo kwa kampeni za dawa. Tembe inasagwa katikati ya vijiko viwili, inachanganywa na maji kidogo, mtoi anapewa akiwa ameketi wima na ametulia. Akilia na kurusha miguu, unaacha. Kumfinya pua ama kumlaza chali umwage dawa mdomoni ndio njia ya kumnyonga. Akikwama, anakohoa bila sauti ama hatoi sauti kabisa, na midomo inageuka rangi. Muinamishe mbele, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja huku mtu akiita msaada.

Kingine kinachoharibu siku ya dawa ni njaa. Prazikwanteli ni chungu na inakoroga tumbo, so mtoi adishi kwanza, na aimeze bila kuitafuna. Baadaye anaweza kuumwa na tumbo, kuhisi kizunguzungu ama kutapika, hasa yule aliyekuwa na minyoo mob. Mara nyingi inaisha siku hiyo hiyo. Mtoi ambaye ni mgonjwa siku hiyo, ana homa ama anatapika tayari, asimezeshwe. Angoje apone.

Mbona basi wasipimwe choo kwanza, apewe mwenye minyoo tu? Kwa sababu kupima ni ghali kuliko tembe, na tembe haimdhuru asiye na minyoo. Kwa hivyo eneo likipatikana na minyoo ya kutosha, kila mtoi anameza.

Lakini usidhani umemaliza mchezo. Tembe moja ya albendazoli inamaliza vizuri minyoo ya mviringo, inapunguza safura sana, ila minyoo mjeledi wengi hubaki. Prazikwanteli nayo haiui minyoo wachanga wa kichocho. Na hakuna dawa kati ya hizi inayozuia mtoi kuokota mayai mapya kwa udongo ama kurudi kwa mtaro kesho yake. Ndio maana mkebe wa dawa hurudi shuleni kila mwaka, na kwa maeneo yaliyoathirika zaidi, mara mbili kwa mwaka. Ukimwona siste yako mdogo anapigwa laini tena, si kwamba dawa ya mwaka jana ilikuwa feki. Ilifanya kazi, kisha akarudi kucheza kwa udongo ule ule.