Safu za ripoti ya madeni: Namna ya kuzisoma bila kumdai asiyedaiwa

WAUZAJI wa vifaa vya ujenzi katika maeneo ya mashambani kama Navakholo, Kaunti ya Kakamega, hawakwepi kuuza kwa mkopo. Shule huchukua saruji ikisubiri fedha za muhula, naye mkulima wa miwa huchukua mabati akingoja malipo ya kiwanda.

Madeni hayo yanapoingizwa katika kompyuta, programu ya uhasibu hutoa ripoti inayoyapanga kwa umri. Katika QuickBooks, kwa mfano, ripoti hiyo huitwa "A/R Aging Summary". Vichwa vyake ni vya Kiingereza, na msimamizi wa madeni aliyezoea Kiswahili anaweza kuvikariri vyote na bado akapotoka.

Upande wa kushoto kuna majina ya wateja. Safu ya "Current" ni ya ankara ambazo siku yake ya kulipwa haijapita. Neno hilo halimaanishi fedha zilizopo mkononi. Zinazofuata, "1 - 30", "31 - 60", "61 - 90" na "> 90", ni za siku. Ya mwisho, "TOTAL", ni jumla ya anachodaiwa mteja.

Swali la kwanza ni hili: siku hizo zinahesabiwa tangu lini? QuickBooks ya kompyuta ya mezani hutoa chaguo mbili katika mipangilio yake. "Age from due date" huhesabu tangu siku ambayo deni lilipaswa kulipwa, ilhali "Age from transaction date" huhesabu tangu siku ya ankara.

Tuchukue mfano wa shule iliyopewa siku 30 za kulipa kila ankara, na ripoti ya Juni 30. Ankara ya Machi 12 ni ya Sh80,000, ya Mei 20 ni Sh45,000, na ya Juni 15 ni Sh30,000.

Ankara ya Machi ilipaswa kulipwa Aprili 11. Kufikia Juni 30 imechelewa siku 80, hivyo imo katika "61 - 90". Lakini ukihesabu tangu siku ya ankara, ina siku 110, nayo itaangukia "> 90". Deni ni lile lile, ila shule itaonekana sugu kuliko ilivyo.

Tofauti hiyo si ndogo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 9, kilichoanza kutumika mwaka 2018, huchukulia kwamba mdaiwa ameshindwa kulipa deni likipita siku 90 baada ya tarehe ya kulipwa, isipokuwa kuwe na ushahidi wa kinyume. Siku hizo hazihesabiwi tangu siku ya ankara.

Njia rahisi ya kujua ripoti yako inahesabu vipi ni kuchagua ankara moja, kuhesabu siku zake kwa kalenda, kisha kutazama imeangukia safu gani.

Mtego wa pili umo katika malipo. Tuseme shule hiyo ilituma Sh60,000 benki mnamo Juni 25 bila kutaja nambari ya ankara. Karani aliyapokea malipo, akayaandika kwa jina la shule, lakini hakuyaunganisha na ankara yoyote.

Baadhi ya programu huyaweka malipo ya namna hiyo katika "Current" yakiwa na alama ya kutoa. Sh30,000 za ankara ya Juni zikitolewa Sh60,000, safu hiyo itaonyesha -30,000. "1 - 30" itabaki na 45,000, "61 - 90" itabaki na 80,000, na jumla itakuwa 95,000.

Msimamizi anayetazama safu ya "61 - 90" peke yake atampigia simu mhasibu wa shule na kudai Sh80,000, ilhali Sh60,000 kati ya hizo zimekwisha kulipwa. Kibaya zaidi, anaweza kusimamisha saruji ya shule inayolipa.

Dalili ya kosa hili ni nambari yenye alama ya kutoa, au iliyofungwa kwa mabano. Uionapo, usipige simu kwanza. Fungua "A/R Aging Detail", ripoti inayoonyesha ankara ambazo hazijalipwa na malipo ambayo hayajaunganishwa, uyatafute malipo yaliyobaki peke yake. Muulize mteja alikusudia kulipa ankara ipi. Kisha uyaunganishe nayo.

Shule ikithibitisha kwamba ilikusudia ankara ya Machi, ripoti mpya itaonyesha 30,000 katika "Current", 45,000 katika "1 - 30", na 20,000 katika "61 - 90". Jumla itabaki 95,000 kama awali.

Kwa hiyo, kulingana kwa jumla na daftari hakuthibitishi kwamba safu ni sahihi. Jumla husema ni kiasi gani kinadaiwa. Safu ndizo zinazosema ni nani wa kupigiwa simu leo, na kwa ankara gani.