Kadi Imejaa, Lakini Matone Bado Yanahitajika

Mwezi wa Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeepukana na virusi vya asili vya polio, yaani ugonjwa wa kupooza. Walakini mwaka uliofuata, 2021, wataalamu waliopima maji machafu ya mji wa Kampala, nchini Uganda, waligundua humo virusi vya polio vya aina ya pili. Serikali ya nchi hiyo iliamua kuwapa matone ya chanjo watoto wote wenye umri chini ya miaka mitano, na mwezi wa Januari 2022 wachanjaji walianza kupita nyumba kwa nyumba.

Wenye kutangulia mbele ya wachanjaji walikuwa wahudumu wa kujitolea wa Timu za Afya za Vijiji. Hao ndio waliopaswa kujibu swali gumu la wazazi: mtoto wangu ni mzima na kadi yake imejaa, matone mengine ni ya nini? Tunawaletea hapa wasomaji wetu jinsi mama mmoja wa timu hizo alivyowaeleza jambo hilo majirani zake, katika mtaa ulio karibu na kambi ya askari.

"Ndugu zangu, akina baba na akina mama," alianza, "sikuja kumlaumu mzazi yeyote. Wengi wenu mmewapeleka watoto kliniki bila kukosa. Basi na tuchukue kadi ya mtoto aliyezaliwa mwaka 2018, tuisome pamoja. Alipata matone siku za kuzaliwa kwake, akapata tena alipotimiza majuma sita, majuma kumi na majuma kumi na manne. Siku hiyo ya mwisho alipigwa na sindano ya polio. Kadi hiyo haina pengo hata moja. Hata hivyo, mtoto huyo anaweza kukibeba kirusi kilichoonekana katika maji machafu na kumwambukiza mwenzake.

"Sababu yake ni hii. Virusi vya polio ni vya aina tatu. Aina ya pili ya asili ilionekana mara ya mwisho duniani mwaka 1999, na mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imetoweka. Kwa hiyo mwaka 2016 nchi zote zilizotumia matone ziliiondoa aina hiyo ndani yake. Tangu hapo matone ya kliniki yanakinga aina ya kwanza na ya tatu tu. Sasa hesabuni wenyewe: mtoto asiyetimiza miaka mitano leo amezaliwa mwaka 2017 au baadaye. Basi watoto wetu wote wadogo wamezaliwa baada ya mabadiliko hayo, na hakuna aliyepata kliniki matone ya aina ya pili."

Hapo koplo mmoja alisimama akauliza: "Mama, umesema walipigwa sindano. Je, sindano hiyo haina aina ya pili?"

"Inayo, afande, nayo ina faida kubwa," alijibu. "Lakini wewe wajua kwamba askari anayelinda ghala la silaha si yule anayekaa langoni. Sindano hulinda damu, ili kirusi kisifike kwenye neva na kumlemaza mtoto. Haiwezi kukizuia vizuri kirusi kisizaliane tumboni. Mtoto aliyepata sindano peke yake huweza kuwa mzima kabisa, huku kinyesi chake kikitoa virusi kwa majuma kadhaa. Kinyesi hicho kikifika kwenye maji ya kunywa au mikononi mwa watoto wanaocheza, mwingine ataambukizwa. Matone ndiyo mlinzi wa langoni, kwa kuwa hufanya kazi yake katika utumbo wenyewe.

"Msingoje kuona mtoto aliyepooza ndipo mwamini. Katika watu mia mbili walioambukizwa polio, ni mmoja hivi tu anayepooza, na kwa aina ya pili hupooza wachache zaidi. Wengine hupata homa kidogo, au hawaoni dalili yoyote. Kwa hiyo mlemavu mmoja akionekana, ugonjwa umekwisha kupita katika nyumba nyingi. Maji machafu yametupa habari mapema."

Bibi mmoja aliuliza swali ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona: ikiwa aina ya pili ilitoweka, hiki cha Kampala kimetoka wapi? Mhudumu hakulikwepa. Alieleza kwamba matone yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akinywa, virusi hivyo hutoka kwa muda katika kinyesi chake. Wakichanjwa watoto wengi, vinakosa pa kwenda na kufa. Wakichanjwa wachache, vinatembea kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine muda mrefu, na katika safari hiyo huweza kubadilika na kupata tena nguvu ya kupoozesha. "Hicho ndicho kilichoonekana," alisema. "Kimekuzwa na nyumba zisizochanjwa. Matone tutakayoleta ni ya namna mpya, na kirusi chake kimetengenezwa ili kisigeuke kwa urahisi kama kile cha zamani."

Maneno hayo, "kwa urahisi", yalikuwa na uzito wake. Mwezi wa Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto saba, sita wa Kongo na mmoja wa Burundi, walikuwa wamepooza kwa virusi vilivyotokana na matone hayo mapya. Jambo hilo ni adimu sana, nalo halikugeuza shauri la kuwachanja watoto wote, kwani kirusi hupata nafasi ya kugeuka pale wengi wanapoachwa bila chanjo.

Mwishoni mhudumu aliwaeleza majirani namna ya kuikagua kazi yenyewe. "Mchanjaji atakuja na kisanduku chenye barafu. Mwombeni awaonyeshe kichupa. Juu yake pana alama ya duara, na ndani ya duara pana mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukifanana na duara kwa rangi, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo imeharibiwa na joto, naye hana budi kuiweka kando. Mtoto atatiwa matone mawili mdomoni. Akiyatema, atapewa tena. Kisha atapakwa wino katika kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mafua au homa ndogo si sababu ya kumficha. Hali kadhalika mtoto mchanga aliyezaliwa jana asiachwe kitandani, na mgeni aliyelala kwako ahesabiwe pamoja na wako. Nyinyi wa kambini mnahamishwa mara kwa mara, na mtoto aliye safarini ndiye anayesahauliwa pande zote mbili.

"Jambo moja halina siku maalumu. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka kumi na mitano, mguu au mkono wake ukilegea ghafla bila kuumia, nijulisheni siku ile ile, hata kama alichanjwa. Hospitali itachukua choo chake mara mbili, kwa kuachana saa ishirini na nne, na yafaa kiwe kimechukuliwa kabla ya siku kumi na nne kupita tangu mguu ulegee. Baada ya hapo virusi hupungua katika choo, na huenda tusijue kamwe kilichompata."