Picha ya soko jipya: maelekezo ya msanifu na jinsi mwananchi anavyoweza kuisoma

Kabla ya jengo la umma kujengwa, wananchi huonyeshwa picha zilizochorwa kwa kompyuta. Nyingi hazichorwi na msanifu majengo mwenyewe. Msanifu humpa mchoraji ramani pamoja na maelekezo ya maandishi yenye mambo manne: hali ya picha, vifaa vya ujenzi, mahali pa kutazamia, na mipaka ambayo mchoraji hapaswi kuivuka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 87, inataka wananchi wapate habari kwa wakati ili washiriki. Kwa hiyo inafaa kujua picha hizi hutengenezwa vipi.

Tuchukue mfano wa soko dogo la samaki na mboga katika mji wa Homa Bay, lenye baraza inayotazama ziwa upande wa kaskazini.

Hali ya picha. Maelekezo mazuri hayasemi tu "picha ipendeze". Yanataja tarehe na saa. Homa Bay iko karibu nusu digrii kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita kusini. Mchoraji akichagua Desemba, baraza yetu itaonekana ina kivuli siku nzima. Akichagua Juni, saa 10 alasiri, jua linaingia kutoka kaskazini-magharibi. Ukingo wa paa uliotokeza mita 1 utatia kivuli takriban mita 1 na nusu tu kwenda chini. Kama paa liko mita 3 juu ya sakafu, meza ya mama anayeuza omena itakuwa juani. Ukingo ukiongezwa hadi mita 2, kivuli kinashuka karibu mita 3 na meza inasalimika. Ndiyo sababu msanifu mwangalifu huagiza picha mbili za baraza hiyo hiyo: moja ya Juni, nyingine ya Desemba.

Vifaa. Neno "mawe" peke yake halitoshi. Upande wa Migori, kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, zilijengwa bila udongo wala saruji kati ya mawe. Mchoraji akiambiwa aige ukuta huo, kisha achore mistari ya saruji, amechora ukuta mwingine wenye gharama nyingine. Kwa soko letu, maelekezo yataje rangi ya mabati, ukubwa wa mawe, na kama sakafu ni saruji iliyopigwa sawa au vigae. Yaombe pia mabati yaonekane yamekaa misimu kadhaa ya mvua, si ya siku ya kwanza.

Mahali pa kutazamia. Picha iliyochukuliwa kutoka angani huvutia, lakini hakuna mteja anayefika sokoni akiruka. Maelekezo yaweke jicho mita 1.6 juu ya ardhi, langoni na katikati ya njia ya wateja. Yataje pia upana wa lenzi, kwa sababu lenzi pana sana hufanya njia ya mita 2 ionekane kama barabara. Ukiona nguzo au watu walio pembeni mwa picha wamevutwa na kunenepa, lenzi imepanuliwa kupita kiasi.

Mipaka. Hapa msanifu huandika yasiyoruhusiwa: kuongeza miti ambayo haimo kwenye ramani, kuondoa nguzo za stima zilizopo, kufuta kilima cha Asego nyuma ya mji, au kuchora ziwa safi wakati gugumaji hufika ufukweni. Watu waonekane kwa idadi inayotarajiwa, wakiwa na mikokoteni, bodaboda na makreti ya samaki. Njia ikichorwa tupu, hakuna atakayejua kama mikokoteni miwili inaweza kupishana.

Hata picha iliyofuata maelekezo yote ina kikomo. Haionyeshi unene wa mabati: geji 28 na geji 30 hufanana kwenye karatasi, ingawa ya 30 ni nyembamba zaidi. Haionyeshi mtaro uliofunikwa wala kina cha msingi. Hayo yamo katika michoro ya ujenzi na orodha ya vifaa na gharama, na mkandarasi hufuata hizo.

Ukihudhuria kikao cha kutoa maoni, uliza maswali matatu: picha hii ni ya mwezi gani na saa ngapi? Aliyeitazama amesimama wapi? Na kila kitu kilichochorwa, ikiwemo miti na paa, kimo kwenye orodha ya gharama? Kisichokuwa kwenye orodha hakijalipiwa.